Mpeni Sindano, Si Upanga

Watunzi wetu wana haraka ya kumpa yatima upanga. Anafunzwa ushonaji kurasa mia, kisha siku ya hukumu anapigana kama askari. Cherehani ilikuwa pambo?

Mimi namtaka huyu. Ami yake, mwenye kitambi kilichonona kwa mali ya marehemu, anaapa kwamba koti la pamba, lenye hati ya shamba ndani ya bitana, alishonewa yeye. Wazee wanahutubia. Kijana analiinua koti kwenye mwanga, basi. Kando ya mshono wa ubavuni kuna ukanda mwembamba ambao bluu yake haijapauka: ulikuwa umefichwa ndani kabla koti halijapanuliwa. Mpakani mwake, safu ya matundu ya sindano. Sufu ungeifukiza mvuke, matundu yakajifumba. Pamba iliyoshikana vizuri haina huruma hiyo.

“Dobi kaliharibu,” ami anasema.

“Dobi gani, ami,” kijana anauliza, “anayefua kwa mstari ulionyooka, ubavu huu na huu, kutoka kwapani hadi kwenye pindo, kwa kipimo cha tumbo lako?”