Namna ya Kumkamata Katibu Aliyeupamba Ujumbe

Mweka hazina wa kikundi cha akiba ameandika: “Risiti tatu za Mei hazijanifikia. Nafunga daftari Ijumaa, naomba mwenye nazo aniletee.” Katibu, ambaye kwa lugha nzuri hana mpinzani, akaunyoosha kabla ya kuutuma: “Ndugu wanakikundi, mnakumbushwa tena kwamba baadhi yenu hamkuwasilisha risiti za Mei. Zileteni mara moja ili daftari lifungwe.” Kundi zima limenuna. Chukua kalamu, andika matini mbili hizo sambamba, kisha ufanye upelelezi.

Anza na vitenzi, maana lawama hupenda kujificha humo. Risiti “hazijanifikia”: huenda ziko njiani, huenda ziko kwenye droo ya katibu mwenyewe. Sentensi hiyo haina mkosaji. “Hamkuwasilisha” inao, tena wengi. Na tazama viambishi: “-ja-” iliacha mlango wazi, kwamba jambo bado linaweza kufanyika, “-ku-” imeufunga. Shauri lililokuwa linasubiri limegeuka kesi iliyokwisha kuamuliwa.

Kisha hesabu vitu. Risiti zilikuwa tatu, sasa hazina idadi. Ijumaa imetoweka na mahali pake pamekaa “mara moja”, kwa hiyo mwenye nafasi ya siku kadhaa anajiona amechelewa. Ombi la “naomba” limekuwa amri.

Sasa winda vijineno. “Tena” inashuhudia kumbusho la awali ambalo mweka hazina hakulitoa kamwe. “Hata”, “bado” na “eti” ni ndugu zake. Futa kimoja kimoja, usome upya. Sentensi ikipoa ghafla, umemshika mhalifu.

Usidhani upotoshaji huongeza ukali tu. Mlinzi akiandika “Dereva amegonga geti”, na ripoti ikasema “Geti limeharibika”, lugha imekuwa laini lakini dereva amefutwa. Nani atalipia geti? Lawama iliyofutwa inastahili kukaguliwa kama ile iliyozuliwa.

Mwisho mpe toleo jipya peke yake mtu ambaye hajaona la kwanza. Muulize: nani anatakiwa kufanya nini, lini, na nani amekosea? Muulize mwingine kuhusu matini ya awali. Majibu yakitofautiana, urudi kwenye kitenzi. Wewe mwenyewe huwezi kujipima hapa, kwa sababu umekwisha kujua mwandishi alikusudia nini na utalisoma kusudio hilo hata lisipokuwapo.

Salamu iliyoongezwa au sentensi ndefu iliyokatwa haina neno, mradi majibu yabaki yale yale. Katibu angeweza kupamba salama hivi: “Ndugu wanakikundi, habari za leo. Risiti tatu za Mei bado hazijamfikia mweka hazina. Mwenye nazo anaombwa amfikishie kabla daftari halijafungwa Ijumaa.” Ile “bado” hapo nayo ni ya kufuta.