Hali ya Mikopo (Inaendelea)

Mtu akikuomba umpitie slaidi zake, mkono huenda kwanza kwenye rangi. Ukishambadilishia kijani, unajiona umesaidia, naye atasimama mbele za watu na mada ileile iliyovaa shati jipya. Tuseme ni mweka hazina wa SACCOS, mkutano mkuu uko Jumamosi, na ana slaidi 10 za kuwashawishi wanachama wakubali gawio lipungue. Usiguse nembo. Soma vichwa peke yake, kwa mfuatano, kuanzia slaidi ya 2: Utangulizi, Historia ya Chama, Hali ya Mikopo, Changamoto, Hali ya Mikopo (inaendelea), Mafanikio, Changamoto za Mikopo, Mapendekezo, Asanteni. Sasa kati ya kila viwili jaribu kuchomeka “kwa hiyo” au “lakini”. Kila panapokubali “halafu” tu, kiungo kimelegea. Hapa ni halafu hadi Asanteni.

Slaidi ya 2 haitambulishi chochote ambacho mwenyekiti hajakisema, ifutwe. Ya 4 inasema asilimia 14 ya mikopo ni chechefu, ya 6 inarudia, ya 8 inarudia tena kwa herufi nzito, kana kwamba wanachama ndio waliochelewa kusikia. Mtu atatetea kwamba kurudia husaidia kukumbuka. Kweli, ila namba inayorudi lazima irudi na kazi mpya. Iache ya 4 itaje 14, kichwa chake kiwe “Kati ya kila shilingi 100 tulizokopesha, 14 zinasumbua kurudi”. Ya 6 ibaki na jambo moja, mikopo ya aina gani inasumbua, na neno “inaendelea” liachiwe tamthilia. Mafanikio, yaani bati jipya la ofisi, yahamie baada ya Historia. Yakikaa katikati ya madeni, watu watauliza bati lilinunuliwa kwa fedha ya nani.

Pengo kubwa liko kati ya 8 na 9. Kutoka kwenye mikopo chechefu mada inaruka moja kwa moja hadi kwenye gawio dogo, na mwanachama aliyelipa mkopo wake kwa wakati ana haki ya kuona anaadhibiwa kwa deni la jirani. Sentensi iliyokosekana ni hii: chama kimelazimika kutenga fedha za kufidia mikopo hiyo, fedha hizo zimetoka kwenye ziada, na gawio hutoka kwenye ziada hiyohiyo. Iandikwe mwishoni mwa 8, ichukue nafasi ya ile 14 ya tatu. Mwingine atasema ni rahisi zaidi kumtengenezea mada nzima upya. Kwako, ndiyo. Lakini Jumamosi atakayeulizwa ni yeye, na slaidi ambayo hakuifikiria mwenyewe ataisoma neno kwa neno akiwa amewapa watu mgongo.

Ya 10, yenye “Asanteni” kubwa kuliko gawio lenyewe, iondoke. Wakati wa maswali ukutani ibaki ya 9, maana hakuna mwanachama atakayeuliza swali kuhusu asante.