Hasara Haitozwi Kodi

Mtu akiingia kwenye stoo ya maharage huku Ayivu, shati amechomekea na folda ameibana kwapani, mwenye stoo ameshajua yeye ni nani kabla hajafungua kinywa. Ama ni mtu wa kodi, ama ni mtu wa shirika. Wa tatu hayupo. Basi mimi ndiye huyo asiyekuwepo: nauza mifuko ya kuhifadhia nafaka, ile yenye nailoni mbili ndani na gunia nje, ambayo ukiifunga sawasawa fukusi humaliza hewa iliyomo na kufa humo humo na watoto wao. Mfuko hauna tatizo. Tatizo ni ile nusu dakika ya kwanza, ambayo mimi naitumia kujitambulisha na mwenye stoo anaitumia kusukuma daftari chini ya kiti.

Tuliwahi kuletewa mkufunzi kutoka Kampala atufundishe namna ya kujitambulisha. Taja jina kamili, akasema, kisha cheo, kisha kampuni, halafu mtupie mteja swali litakalomfanya aifikirie biashara yake. Swali alilolipenda kuliko yote lilikuwa: "Kwa mwezi unauza magunia mangapi?" Mwenzangu mmoja alilikariri kama dua.

Siku aliyolitumia nilikuwa nyuma yake. Mama mwenye stoo alikuwa amekaa kwenye kigoda, mizani mbele yake, anampimia mteja, na magunia yamepangwa hadi darini. Mwenzangu akamaliza jina, cheo na kampuni kwa pumzi moja, akatupa swali. Mama akayatazama magunia kama anayaona kwa mara ya kwanza maishani. Akajibu kwa upole kwamba hayo si yake, ni ya shemeji yake, na shemeji mwenyewe ni marehemu. Yeye hauzi kitu, amepita tu kufagia. Kisha akapokea pesa za yule mteja, akazifunga kwenye kitenge, akaanza kufagia kweli.

Mama hakuwa na kosa. Duniani kuna mtu mmoja tu anayeingia dukani kwako bila kualikwa na kuuliza unauza kiasi gani, na huyo haji kukuletea mfuko. Ukitaka mfanyabiashara azungumze, muulize alichopoteza, usimuulize alichouza. Hasara haitozwi kodi. Mtu aliyekataa kukutajia idadi ya magunia yake atakueleza, bila kuombwa, jinsi maharage ya mwaka juzi yalivyogeuka unga, nani alimuuzia dawa ya bandia, na mumewe alisema nini jioni ile.

Ukilikwepa shimo la kodi, kuna la msaada. Wakimbizi wa Sudan Kusini walipomiminika mwaka 2016 na kambi ya Bidi Bidi ikafunguliwa Yumbe, West Nile ilijaa magari meupe na fulana zenye nembo. Watu wetu wameshasikia utambulisho mwingi kuliko bunge. Wanajua kwamba kijana mwenye kofia na fulana ya rangi moja akisema "tunasaidia wakulima", kinachofuata ni kuandikishwa majina, na kinachofuata majina ni kitu cha kubeba nyumbani.

Nami nilisema hivyo hivyo, pembeni mwa Koboko, kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa kwenye kipeperushi: tunasaidia wakulima kuhifadhi mazao yao. Mama niliyekuwa nikizungumza naye akanyanyuka, akaita upande wa pili wa barabara kwa Kikakwa. Sikuelewa neno, lakini nilielewa mbio. Punde akina mama wamejipanga mstari, kila mmoja na nakala ya kitambulisho, na mbele yao amesimama mzee mmoja akiuliza kama soda itagawiwa kabla au baada. Mwenyekiti wa kijiji akafika akitaka kujua kwa nini ofisi yake haikuarifiwa. Nilipotamka kwamba mfuko una bei, mstari uliniangalia kwa huzuni ya kunihurumia, kama watu wanaomtazama mgonjwa. Mzee wa soda ndiye aliyekaa kunisikiliza hadi mwisho, lakini nadhani alikuwa bado na matumaini.

Tangu hapo "kusaidia" nimelitoa kinywani. Nasema "nauza" mapema, katika sentensi ya kwanza nikiweza. Mkufunzi wa Kampala angesema ni ukavu. Huku ni nafuu: mabega ya mwenye stoo yanashuka, kwa kuwa muuzaji ni mtu anayejulikana, na anaweza kufukuzwa bila barua.

Linabaki swali la Ayivu lenyewe, ambalo halikufutwa tulipofanywa divisheni ya Jiji la Arua Julai 2020: wewe umetoka kwa nani? Hapa wauzaji wengi hutaja jina la mteja mwingine, na ni njia nzuri, mradi umechunguza. Nilimtaja Hajji mmoja mwenye duka la jumla. Uso wa mama ukang'aa. "Hajji amekutuma?" Nikasema naam, ndiye. Akavuta kiti, akaniletea chai, akaketi mbele yangu akinyoosha kiganja. "Haya, lete." Kumbe Hajji alikuwa na deni lake la msimu mzima, na mimi nilikuwa mjumbe wa kwanza kuonekana. Chai nilikunywa. Mfuko sikuuza. Siku hizi, kabla sijabeba jina la mtu, namuuliza mwenyewe yeye na mama ninayemwendea waliachana vipi mara ya mwisho. Akicheka kabla ya kujibu, jina nalirudisha.

Utambulisho ninaotumia sasa hauzidi nusu dakika. Nasimama nje ya kizingiti, nikiwa nimeshaangalia chini ya magunia, kwa sababu fukusi hawafichiki: huacha unga mweupe sakafuni na vitundu vya mviringo kwenye punje. Nasalimia, "Mi ngoni?", nangoja "Muke". Kisha: "Mama, mimi mtoto wa Adumi, nauza mifuko ya maharage. Gunia lile la pembeni naona limeanza kumwaga unga. Ukimaliza kumpimia huyu mteja, nitakuonyesha kwa nini." Halafu nanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Ulimi wa muuzaji unawasha. Lakini kampuni, bei na kipeperushi vyote vinasubiri mama aseme neno.

Kiti na chai visikudanganye, hivyo ni heshima tu na hata mdaiwa hupewa. Dalili ya kweli ni mama kunyanyuka, kwenda kwenye lile gunia la pembeni na kuingiza mkono. Akikuuliza ofisi yenu iko wapi, umeshafika mbali: anataka kujua pa kuja kugombana mfuko ukitoboka. Na mwambie mapema kwamba panya mmoja akiutoboa, hewa inaingia na fukusi wanafufuka kibiashara. Akilisikia hilo kutoka kwako, ya kwako mengine atayaamini. Ila lori likiwa linashusha mzigo, usijitambulishe kabisa. Saidia kubeba au pisha.

Utambulisho huu unafaa hata ukivuka mpaka kwenda sokoni Ariwara, upande wa Kongo. Ila saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, kwa hiyo ukiahidiwa saa tatu asubuhi, uliza kwanza ni saa tatu ya nani.