Waraka wa Rimoti

Wapangaji wenzangu wa Makanyagio,

Kifurushi cha kisimbuzi ni shilingi 28,000, nasi tuko wanne, yaani 7,000 kila kichwa. Mwezi uliopita tulichanga wawili. Wa tatu alisema yeye "si mtu wa tivii", kauli aliyoitoa amekaa kwenye kochi, akimtukana refa. Napendekeza asiye mtu wa tivii awe hivyo hata siku ya Simba na Yanga.

Kisimbuzi chetu hutoa chaneli moja tu kwa wakati mmoja, hivyo mpira na tamthilia haviwezi kupatana kwa huruma. Saa mbili usiku ni ya taarifa ya habari, isiyo na mwenyewe. Kuanzia saa tatu, waliochanga wapokezane usiku kwa usiku. Mwenye zamu ndiye mshika rimoti. Anayetaka mechi usiku wa mwenzake aombe kubadilishana mapema, siyo dakika ya tano ya mchezo.

Siku 30 za kifurushi huhesabiwa tangu malipo yapokelewe, tuangalie tusiangalie. Kwa hiyo tusilipe halafu wote tusafiri. Anayelipa awashe kisimbuzi kwanza, maana kikiwa kimezimwa kinaweza kukosa ishara ya kufunguliwa, kisha tukaanza kumshuku aliyelipa.

Luku ina mchango wake wa peke yake. Betri za rimoti nazo si za saa ya chumbani kwa mtu. Aliyezihamisha anajijua, azirudishe leo kabla ya saa mbili.

Mpangaji wa chumba cha uani.