Skani Hapa, Halafu? Vibao Sita vya Kaunta, Kuanzia cha Mkiani hadi Bingwa

Tuseme uko Lweba, umeegemea kaunta ya butiki, na mbele yako kuna karatasi yenye QR. Kamera unayo mfukoni, ila mega ni chache, betri iko nusu, na nyumbani wanasubiri sabuni. Maneno yaliyo kando ya ule mraba yana nafasi ya sentensi moja kukufanya utoe simu. Nimeyapanga kwa ukali wa refa wa fainali. Ukiona nimeonea kibao chako, shika namba yake utetee.

6. “SKANI HAPA”

Hapa wapi, tumeshapaona. Tukiskani tunapata nini? QR ilibuniwa Japani mwaka 1994 katika kampuni ya Denso Wave, ili kufuatilia vipuri vya magari kiwandani. Mfanyakazi wa kiwanda aliskani kwa sababu ndiyo kazi yake, analipwa. Mama aliyekuja kununua chumvi halipwi na mtu, na vile vidoti vyeusi havimwambii lolote kwa macho. Maneno ndiyo yaliyopaswa kusema, nayo yamenyamaza.

Hukumu: amri bila sababu. Hata mtoto wa nyumbani angeuliza “kwa nini?”

5. “Skani utufuate Facebook, TikTok, WhatsApp na upate habari zetu”

Sababu nne zimepanda pikipiki moja. Mteja anasoma mpaka TikTok, chenji yake inatoka, anaondoka. Tena tazama nani anafaidika: butiki inapata wafuasi, mteja anapata kazi ya kufuata.

Hukumu: ukitaka yote manne, utaondoka na sifuri.

4. “Skani upate punguzo!”

Kidogo afadhali, maana sasa mteja ana kitu chake. Lakini punguzo la franga ngapi, kwa bidhaa ipi, mpaka lini? Na hapa ndipo kibao cha mji mkubwa kinapokwama kijijini: Lweba punguzo huombwa kwa mdomo. “Papa, punguza kidogo” haili mega, haihitaji mtandao, na jibu linakuja papo hapo.

Hukumu: kimeshindwa na ulimi wa mteja.

3. “Skani ujue dola leo ni franga ngapi”

Najua hiki kina mashabiki. Sababu ni moja, iko wazi, na inagusa mfuko, kwani kwetu bei inatajwa kwa dola na kwa franga. Nakipa shaba kwa hilo tu. Kosa lake ni kuficha ndani ya simu kitu ambacho chaki ingekiweka wazi kwa watu wote waliosimama dukani, wenye simu ya kitochi wakiwemo. QR ipewe kazi ambayo ubao hauwezi.

Hukumu: nunua chaki.

2. “Lipa hapa kwa simu”

Wabishi wa Nairobi na Dar wangekipa kombe. Safaricom walipoleta Lipa na M-PESA mwaka 2013, maneno matatu tu yalisema utafanya nini na kwa njia gani, na namba ya till ilitosha hata bila QR. Tanzania Benki Kuu imeweka kiwango cha pamoja, TANQR, ili mteja wa mtandao huu alipe kwenye QR ya duka la mtandao mwingine.

Kwa nini basi fedha na si dhahabu? Kwanza, Kongo akaunti ya M-Pesa ina upande wa franga na upande wa dola, kwa hiyo kibao kisichosema kinataka ipi kinaanzisha mjadala kaunta nzima. Pili, wezi wamejifunza kubandika QR yao juu ya ya duka. Dawa yake ni maneno ya kibao chenyewe: yaandike jina litakalotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri, na mteja aambiwe asiendelee likiwa tofauti.

Hukumu: kizuri sana, ila kinamsaidia mteja aliyekwisha kupata alichotaka. Aliyekosa je?

1. “NYAVU ZA NDAGALA ZIMEISHA. Skani, bipu. Zikifika tutakupigia siku hiyo hiyo.”

Bingwa. Simameni.

Mvuvi amekuja kwa mguu, amekosa, na bila kibao atarudi kuuliza kesho, au ataenda hadi Baraka na pesa yake. Kibao kinamwokolea safari. Ndiyo sababu moja, na imeandikwa upande wake: hakuna “tufuate”, hakuna “karibu ujiunge”.

Utamu uko ndani ya QR. Haina tovuti. Ina namba ya simu tu, hivi:

```
tel:+243XXXXXXXXX
```

Weka tarakimu tisa za laini yako badala ya hizo X. Mteja akiskani, namba inajiandika tayari kupigwa. Anabipu, anakata kabla hujapokea, na unite zake zimebaki. Kwa kuwa ndani mna herufi 17 tu, mraba unakuwa na vidoti vichache vikubwa, ambavyo hata kamera iliyokwaruzika inaviona. Anwani ndefu ya tovuti ingejaza vidoti vidogo kama punje za ulezi.

Nasikia mbishi: “Namba si uiandike tu, QR ya nini?” Iandike pia, chini yake, kwa herufi kubwa, kwa ajili ya kitochi. Lakini tarakimu kumi zinazobonyezwa kwa haraka hukosewa, na bipu iliyokosewa inaamsha mtu asiyeuza nyavu.

Bipu haisemi mtu anataka nini. Ndiyo maana kibao hiki hakivumilii bidhaa ya pili. Tenga laini moja kwa ajili yake, kwenye simu ya laini mbili, na kila bipu inayoingia pale ni mtu wa nyavu. Jioni unahesabu: namba zimeingia nane, basi unajua uagize angalau nyavu ngapi. Nyavu zikifika, unapiga simu nane. Kisha unabadilisha karatasi: “MAFUTA YA TAA YAMEISHA.” QR inabaki ile ile, kwa sababu namba haijabadilika. Kazi yote ilikuwa kwenye maneno.

Vipimo si vigumu. Kwa mteja anayesimama kama sentimeta 40 mbali, mraba wa sentimeta 5 unatosha. Uache pembeni nafasi nyeupe upana wa vidoti vinne pande zote, usiichoree maua. Nailoni inayong'aa inarudisha jua kwenye kamera, basi jaribu mchana, ukisimama anaposimama mteja, na mega zikiwa zimezimwa. Baadhi ya simu hutaka intaneti ili kusoma QR, na ndizo zitakazotegemea namba ya chini.

Kipimo cha maneno ni kikali zaidi. Mwite jirani, mwonyeshe kibao bila kueleza kitu, muulize: “Ukiskani utapata nini?” Akijibu “sijui”, andika upya. Akijibu mambo mawili, futa moja.

Kibao hiki kina adui mmoja, naye ni mwenye duka asiyepiga simu. Nyavu zikifika Jumatatu na mvuvi akaziona mwenyewe Alhamisi, hatabipu tena, na atawaambia wenzake ufukweni. Kama huna muda wa kupiga simu nane, bandika namba 2 na uache dhahabu kwa jirani.