Mshale Uliopita Kwenye Ufa wa Simu

Saa tatu usiku, Mbeya, mwezi wa saba. Mwenye akili zake muda huo yuko chini ya blanketi la pili na hataki kuguswa. Nami ndivyo nilivyokuwa, hapa kwangu Uyole, kikombe cha chai kinapoa mkononi, simu ikatoa mlio. Picha kutoka Iringa. Mpwa wangu yuko kidato cha pili, anakaa kwa shangazi yake Kihesa, na simu ni ya shangazi. Chini ya picha kaandika: "Shikamoo mjomba. Inachapisha ngapi?"

Kosa ni langu mwenyewe. Miaka iliyopita, kwenye harusi moja Mafinga, niliropoka kwamba kazini nilikuwa mtu wa hesabu. Sikusema hesabu zenyewe zilikuwa za kuhesabu magunia yanayoingia ghalani. Tangu siku hiyo ukoo mzima unaniona benki ya majibu.

Nikaifungua picha. Kumbe ni ile michoro ya somo la kompyuta, wanaiita chati mtiririko. Duaradufu juu imeandikwa START, chini yake mistatili, katikati almasi iliyosimama kwa ncha yake, na mwisho msambamba wenye neno PRINT. Mishale inazunguka kama daladala ya Mwanjelwa inayotafuta abiria. Maneno yenyewe kwenye karatasi, kama nilivyokuja kuyajua baadaye, yalikuwa haya:

```
S = 0, K = 1
K ≤ 5 ?
S = S + K
K = K + 2
PRINT S
```

Mstari wa tatu ulinikera kabla hata sijavaa miwani. S inalinganaje na S kujumlisha K? Kwa hesabu tulizofundishwa sisi, hilo linawezekana tu kama K ni sifuri, na hapo juu wameshasema K ni 1. Nikampigia mtoto kumwambia mwalimu kakosea. Akacheka, jambo ambalo zamani mtoto hakumfanyia mjomba wake. "Mjomba, hiyo si sawasawa ya kulinganisha. Anza upande wa kulia. Chukua kilichomo kwenye S, ongeza K, halafu kirudishe kwenye S. Cha zamani kinafutika." Basi si angesema ni kibubu? Kulikuwa na sifuri, umetia moja, sasa kuna moja. Kibubu nakielewa.

Nikaanza safari. S ni 0, K ni 1. Almasi, nilivyoisoma, inauliza kama K ni ndogo kuliko 5. Ni ndogo, nikafuata YES. S ikawa 1, K ikawa 3. Kutoka hapo nikaona mshale mzuri, mwembamba, umenyooka kuelekea PRINT. Nikaufuata. Nikamjibu kwa kujiamini: 1.

Akajibu, "Mjomba, huo mshale uko wapi?"

Ulikuwa kwenye kioo cha simu yangu. Simu ilidondoka Jumapili kwenye ngazi, ikapata ufa kuanzia kona ya kushoto. Ufa wenyewe ulikuwa umepita barabara kwenye mstatili wa K ukaenda kutua kwenye PRINT. Nikaisogeza picha kwa kidole, mchoro ukahama, "mshale" ukabaki palepale. Nisingedanganyika kama ningejua sheria moja ambayo mtoto alinieleza baadaye kwa upole unaouma: kwenye mstatili hutoka mshale mmoja tu. Yenye njia mbili za kutokea ni almasi, moja ya YES na moja ya NO. Ukiona mstatili una njia mbili za kutokea, mojawapo ni doa, mkunjo wa karatasi, au simu ya mjomba.

Safari ya pili nikakaa kitako na kalamu. Almasi, nikasoma K < 5. Mzunguko wa kwanza ukawa uleule. K ni 3, pita. S ikawa 4, K ikawa 5. Je, 5 ni ndogo kuliko 5? Sio. Nikatoka kwa NO, nikachapisha 4. Wakati huo mke wangu kaja na miwani yake, kaangalia begani kwangu, anasema mbona mistatili miwili imekaa ubavu kwa ubavu, nani kakuambia uanze na S? Na kweli, kidole gumba cha mpiga picha kilikuwa kimefunika vichwa vya mishale pale pale. Mama akaanza na K: K ikawa 3, S ikawa 3, K ikawa 5, S ikawa 8. Almasi ikamkatalia, akachapisha 8 na kurudi jikoni kama mtu aliyemaliza kazi.

Mchoro mmoja, majibu matatu, na chai imeshaganda.

Nikampigia tena. Nikamwambia asinitumie picha nyingine, anisomee karatasi kwa mdomo. Swali la kwanza: chini ya alama ya "ndogo kuliko" kuna kimstari? Kipo. Kwenye picha kilikuwa kimeliwa na giza, kwa sababu kapiga usiku kwa taa ya jikoni. Kimstari hicho ndicho kinachoiruhusu 5 ipite. Swali la pili: mshale kutoka almasi unagonga mstatili upi kwanza? Wa S. Swali la tatu lilinitoka bila kutarajia, maana ukingo wa kulia wa picha ulikuwa umekatwa: mshale wa kurudi unaingia wapi, chini ya S = 0, K = 1 au juu yake? "Chini yake, juu ya almasi." Nikashukuru. Ungeingia juu, kila mzunguko ungeanza upya, kibubu kinamwagwa, K inarudishwa kwenye 1, na tungekesha mpaka mabasi ya alfajiri bila kuchapisha chochote.

Sasa tukaenda taratibu, yeye Kihesa, mimi Uyole, kila mmoja na karatasi yenye safu mbili. Kila tukizunguka, mstari mpya. Cha zamani tunakikata. K ni 1: S inakuwa 1, K inakuwa 3. K ni 3: S inakuwa 4, K inakuwa 5. K ni 5, inaruhusiwa: S inakuwa 9, K inakuwa 7. Saba haipiti. Tukatoka kwa NO, tukachapisha 9. Nikahakiki kwa akili ya ghalani: vilivyoingia kwenye kibubu ni 1, 3 na 5, jumla 9. Ile 7 imefika mlangoni ikarudishwa, haikuingia humo hata kidogo. Mtoto akasema wenzake wengi huijumlisha nayo wakapata 16, au wakaandika 7 yenyewe, ilhali mchoro umeagiza kuchapisha S.

Kufuata mishale ni kama kupanda basi la kwenda Iringa linapofika Makambako. Kulia ni Njombe na Songea, mbele ni Mafinga. Hata uwe umekaa vizuri namna gani tangu Mbeya, ukishuka na usingizi kwenye njia panda hiyo ukapanda basi lisilo lako, utashuka Songea.

Asubuhi ujumbe ukaingia: "Nimepata, mjomba. Asante." Dakika moja baadaye ikaja picha nyingine. Almasi mbili, imepigwa kwa kulala, gumba liko palepale.

Wazazi na mashangazi wa Iringa, nawaomba: karatasi iwekwe mezani mchana, pembe zake zote nne zionekane, na mkono ukae pembeni. Mimi kioo nitabadilisha mwisho wa mwezi.