Karibu Tanzania, Ndugu Mgeni

Jana saa nne asubuhi, nikiwa nimekaa kibarazani kwangu Tarime, nilifundishwa kwa barua pepe ya kampuni ya utalii kwamba "jambo" ni salamu. Chini yake nikashauriwa nichanje homa ya manjano na nipande ndege ndogo Arusha hadi Kogatende. Mtu wa Tarime! Ni kunipitisha Dodoma niende jikoni kwangu.

Nakiri, chanzo ni mimi. Niliwaandikia kwa Kiingereza cha suti na tai, kuomba bei ya siku tatu Serengeti: watu wanne, gari letu peke yetu. Mama ana miaka 74 na magoti yamegoma, hivyo anahitaji kigoda cha kupandia Land Cruiser, kiti cha mbele, na choo kila baada ya saa moja na nusu, maana hifadhini hushuki kichakani popote upendapo. Nilieleza hadi pilipili asizokula. Nilisahau mawili tu: uraia wetu na mahali tunapoanzia.

Bei ikaja kwa dola. Nikaichambua mstari kwa mstari, na hapo hasira ikapisha udadisi, kwa sababu kibali cha kuingia hifadhini ni kitu cha ajabu. Hakijui Jumatatu wala Jumanne; kinahesabu saa 24 tangu uingie langoni. Ukiingia Lango la Ikoma saa nne asubuhi siku ya kwanza, ukatoka siku ya tatu saa tatu na nusu, umetembea siku tatu kwa vibali viwili. Ukizubaa ukimwangalia simba anayepiga miayo hadi saa nne ipite, umeingia kibali cha tatu. Ndiyo maana asubuhi ya mwisho dereva anatazama saa kuliko twiga.

Wao walishatuandikia vitatu, na vya wageni wa nje: dola 82.60 kila kimoja, kodi ikiwemo. Mtanzania mwenye kitambulisho analipa shilingi 11,800. Kwa hiyo mama, badala ya shilingi 23,600, alitakiwa atoe dola 247.80 akawaone tembo.

Tembo hao hao! Mwaka juzi walikesha kwenye mahindi ya mdogo wake mama huko upande wa Mugumu, na hakuna aliyewauliza uraia wala kuwahesabia saa. Kwa hasara kama ile serikali ina fedha inayoitwa kifuta jasho. Jina lenyewe limeshakiri kwamba si fidia. Unapanda, unapalilia, unalinda usiku kwa tochi na madebe, kisha unafutwa jasho.

Nikaandika upya, kwa Kiswahili: Watanzania wanne, tunaanzia Tarime, tunapitia Mugumu, tunaingia Ikoma saa nne, tunatoka siku ya tatu kabla ya saa nne, vibali viwili.

Jibu lilikuja baada ya dakika tano: "Mambo vipi bosi, una bajeti gani?"



Kigoda, wamesema, tuje nacho.